Korodani imevimba ila haiumi, ni busha?

*Dokta habari, nina miaka 27 nipo Mbagala. Korodani ya kulia imevimba mwezi wa tatu sasa, haiumi hata kidogo. Nimemulika na tochi ya simu ikang'aa, mzee mmoja kanambia ni busha tu nikavutwe maji kwa sindano. Nikavutwe?*

Hapana mdogo wangu, usivutwe kwanza. Kwa Dar busha ni kweli lipo, mbu wetu wa kwenye maji machafu wanaeneza minyoo ya matende na mabusha, na maji ya busha yanapitisha mwanga ndo maana tochi inaonyesha wekundu. Ila tochi imekwambia kuna maji basi, haijakwambia ndani ya maji kuna nini. Kansa ya korodani nayo inaweza kujaza maji pembeni yake, ukimulika inang'aa vilevile, halafu inapenda sana vijana, miaka 20 hadi 35 hivi, na mara nyingi inaanza bila maumivu.

Jishike baada ya kuoga maji ya moto, ngozi ikiwa imelegea, viringisha korodani taratibu kati ya dole gumba na vidole viwili. Nyuma utakuta kitu laini kama kamba, hicho cha kawaida wengi kinawatisha bure. Kibaya ni kigumu, kimegandana na korodani yenyewe, au unahisi upande mmoja mzito. Na kama maji yamejaa mpaka korodani huipati kabisa, hapo ndo vidole vimeshindwa, inabidi altrasaundi, nenda Temeke hospitali ya rufaa uombe upimwe korodani zote mbili.

Ikionekana maji tupu na korodani safi, ni busha, unapangiwa operesheni ndogo bila haraka, maana ukivuta kwa sindano maji yanarudi na unaweza kuingiza vijidudu. Ikionekana uvimbe mgumu utapimwa damu, na korodani itatolewa kwa kupasua kwenye kinena, sio kwenye mfuko wake. Hapo ndo ubaya wa ile sindano, ukitoboa mfuko wenye kansa unaweza kuimwaga njiani. Ikigundulika mapema wengi sana wanapona, na korodani moja iliyo nzima inatosha kupata watoto.

Kupimwa huko ni kwa wiki hii, usingoje mwezi mwingine. Ila ikianza kuuma ghafla, hasa na kichefuchefu au kutapika, korodani imepanda juu au imelala upande, hiyo ni ya saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Inawezekana imejisokota na mishipa ya damu imejinyonga, una kama masaa 6 ya kuiokoa, usinywe dawa ya maumivu ukalala ukisubiri kukuche, chukua bodaboda uende emajensi. Na maumivu yakikata ghafla yenyewe bado nenda, maana inaweza kuwa imejifungua na itajisokota tena, au imeshaanza kufa.