Barua ya benki na barua ya startap: wapi ukaze lugha, wapi uilegeze

Swali: Shikamoo mama. Nina diploma ya uhasibu, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili nimekuwa nikikaa dirishani kwa wakala wa miamala ya simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nimeona kazi mbili. Benki inataka mhudumu wa dirishani kwa tawi la Mbeya, na kampuni changa ya vijana wanaonunua parachichi kwa wakulima wa Rungwe inataka mtu wa kusimamia malipo. Nimeshaandika barua moja rasmi. Rafiki yangu anasema wale vijana wataniona mtu wa zamani, lakini mimi nikilegeza lugha naogopa nitaonekana sina adabu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Weka barua yako pembeni kwanza, uyasome tena matangazo yote mawili ukiangalia vitenzi tu. Tangazo la benki kwa kawaida huandikwa "mwombaji awe na diploma", "maombi yawasilishwe kabla ya tarehe fulani". Anayezungumza hajitaji, na anayezungumziwa ni mtu wa mbali. Tangazo la vijana wengi husema "tunatafuta mtu", "utafanya kazi nasi", "tuandikie". Umbali waliouweka wao ndio umbali unaoufuata wewe. Aliyekwambia "utafanya kazi nasi" unaweza kumwita "ninyi" bila kumkosea heshima. Aliyeandika "mwombaji awe" mwandikie "benki" au "ofisi yako", wala usianze kumsifu kwa "ninyi mnafanya kazi nzuri sana". Na kama tangazo limeandikwa kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza. Tofauti ninayoieleza hapa inakwenda nayo huko huko.

Fikiria pia barua yako itasomwa na nani. Kwenye benki inapita mikononi mwa watu ambao hawajawahi kukuona: mmoja anaangalia kama umetimiza vigezo, mwingine anapanga wa kuitwa kwenye usaili, kisha jopo linakusoma upya siku ukikaa mbele yao. Muundo rasmi unawasaidia kukuta kitu mahali wanapokitarajia. Lakini pia unawaonyesha kwamba unaweza kufuata utaratibu bila kusimamiwa, na kazi ya dirishani ni utaratibu kuanzia asubuhi mpaka kufunga. Kwenye kampuni changa msomaji anaweza kuwa mwanzilishi mwenyewe, anasoma imeili kwenye simu akiwa njiani kwenda Tukuyu kupokea mzigo. Ataona mistari ya kwanza, na hapo ataamua kama aendelee.

Kwa hiyo barua ya benki ibaki na mavazi yake yote. Anwani yako na S.L.P. juu kulia, tarehe, kisha anwani ya Meneja Rasilimali Watu kushoto, "Ndugu", halafu "YAH: MAOMBI YA KAZI YA MHUDUMU WA DIRISHANI, TAWI LA MBEYA", ukitumia jina la kazi kama lilivyo kwenye tangazo, na namba ya kumbukumbu kama ipo. Ukitakiwa kujaza kwenye mfumo wa mtandaoni, pakia barua hiyo hiyo ikiwa PDF. "Kichwa cha habari hapo juu chahusika" unaweza kuiacha. Haina kosa, ila inakula mstari ambao ungesema jambo. Anza moja kwa moja: "Naomba nafasi tajwa hapo juu, iliyotangazwa tarehe fulani." Malizia kwa "Wako mwaminifu", sahihi na jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti.

Barua rasmi haina salamu. Naona vijana wetu wengi wa huku nyanda za juu wanaanza na "Bwana Yesu asifiwe" au "Shikamoo", kwa nia njema kabisa kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Kwenye karatasi ya benki, "Ndugu" imeshabeba heshima yote. Kwenye imeili ya wale vijana ni kinyume chake: ukiingia bila salamu utaonekana mkavu. "Habari za kazi" inatosha, ukiongeza jina kama tangazo limelitaja. "Mambo vipi" hapana, hata kama wao wenyewe ndivyo wanavyosalimiana.

Sasa tuje kwenye kiini, maana sauti haibadiliki kwa salamu tu. Inabadilika kwa kile unachochagua kusimulia. Nilikuomba unieleze kazi yako ya kila siku ukaniambia hivi: mtaji ni shilingi milioni 2, na kila jioni unajumlisha fedha taslimu na floti kuona kama vinafika hapo. Mfano ulionipa, siku moja taslimu ilikuwa 1,240,000 na floti 750,000. Jumla 1,990,000, yaani elfu 10 haionekani. Ukapitia miamala mmoja mmoja, ukakuta umempa mteja elfu 60 badala ya elfu 50 aliyotoa. Ukampigia, akarudisha kesho yake, ukaandika kwenye daftari. Hicho ni kisa kimoja cha kweli, na kinaingia kwenye barua zote mbili kwa sura tofauti.

Benki iandikie hivi:

"Tangu mwaka jana nahudumu kwenye dirisha la wakala wa fedha Mwanjelwa lenye mtaji wa shilingi 2,000,000. Kila jioni nalinganisha fedha taslimu na salio la simu, na tofauti yoyote naiandika kwenye daftari la siku pamoja na sababu yake. Hakuna muamala ninaoufanya bila kuona kitambulisho pale kinapotakiwa."

Hapo kisa chenyewe hakisimuliwi. Kinachoonekana ni mazoea: unalinganisha, unaandika, unafuata masharti. Mtu wa benki anasoma anajua huyu akipewa droo ya fedha ataifunga vipi. Elfu 10 ile itunze kwa ajili ya usaili, kwa sababu wataulizia siku hesabu ilipokataa, na wewe una jibu lenye mwanzo na mwisho.

Vijana wa parachichi waandikie hivi:

"Habari za kazi. Naomba kazi ya kusimamia malipo ya wakulima. Kwa sasa niko dirishani kwa wakala Mwanjelwa, na kila jioni taslimu na floti lazima vifike milioni 2 kabla sijafunga. Siku moja ilipungua elfu 10. Nilipitia miamala yote ya siku, nikakuta nimemzidishia mteja mmoja, nikampigia, na kesho yake akarudisha. Kwenye malipo ya wakulima naona tatizo litakuwa kubwa zaidi kwenye namba: wateja wangu wengi kutoka vijijini wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au la jirani, hivyo jina linalotokea kwenye simu si la mwenye mzigo. Ningeanza kwa kuhakiki namba na majina kabla ya siku ya malipo."

Ona kilicholegea ni nini. Sentensi ni fupi, kisa kimeelezwa, umewazungumzia kazi yao moja kwa moja na hata umependekeza jambo. Benki usingeiambia "ningeanza kwa kufanya hivi", maana pale utaratibu upo tayari na mgeni hautungi. Kwenye kampuni changa huenda utaratibu wa malipo haujaandikwa popote, na wanamtafuta mtu wa kuuandika. Ile sentensi ya laini za simu ndiyo itakayomfanya mwanzilishi asimamishe gari asome vizuri. Lakini angalia pia kisicholegea: tahajia imekamilika, hakuna "ndo", "kaz" wala "xaxa", hakuna vikatuni vya Watsapu, na kila kiasi kimetajwa kama kilivyo. Anayesimamia malipo akiandika ovyo, msomaji anawaza ataandikaje namba ya mkulima.

Barua uliyonitumia ina shida mbili ambazo ningependa uzitoe kwa pande zote. Ya kwanza ni "nilihusika katika shughuli za kifedha". Watu wengi hudhani urasmi ni kujificha nyuma ya maneno kama "nilihusika" na "nilishirikishwa". Urasmi wa Kiswahili hautaki hivyo. "Nalinganisha", "naandika", "nahakiki" ni maneno rasmi kabisa, na yanamwonyesha mtu akifanya kazi. Ya pili ni "kwa unyenyekevu mkubwa naomba nifikiriwe walau kwa nafasi yoyote". Umeandika ukidhani ni adabu, ila kwa benki inasoma kama mtu asiyejua ameomba kazi gani, na kwa vijana inasoma kama mtu atakayesubiri kuambiwa kila kitu. Adabu imeshakaa kwenye "naomba". Andika "naomba nafasi hii" uendelee.

Ukitaka kujua kama umevuka mpaka upande wa kulegea, soma barua kwa sauti ukijiona uko kwenye kikao cha kwanza na watu hao, mbele ya mkulima mzee aliyekuja kudai malipo yake. Neno ambalo ungeona aibu kulitamka mbele yake, litoe. Upande wa kukaza, tafuta sentensi ambayo usingeweza kumwambia mtu yeyote ana kwa ana, kama "natumaini ombi langu litapokelewa kwa mikono miwili". Hiyo nayo itoke, hata kwenye barua ya benki.

Si kila kampuni ya vijana imelegea, lakini. Wapo wanaokopesha au kushika fedha za watu, na waanzilishi wao wametokea benki. Tangazo lao litaandikwa "mwombaji awe" kama la benki. Hao wape barua rasmi, fupi, kisha weka kisa kimoja katikati. SACCOS na taasisi ndogo za mikopo pia ziko huku. Ukishindwa kabisa kujua, kaza kidogo: mtu aliyekuja rasmi kuliko walivyotarajia wanamlegezea wao kwenye usaili, lakini aliyekuja na "mambo" benki hapati nafasi ya kujirekebisha.

Urefu usikusumbue sana. Benki, ukurasa mmoja usiojaa pomoni. Vijana, kiasi kinachosomeka kwenye simu bila kushusha kidole mara nyingi. Kile kipande nilichokuandikia juu, pamoja na sentensi moja ya diploma yako na moja ya lini unaweza kuanza, kinatosha kabisa. Kiandike kwenye mwili wa imeili, si kwenye kiambatisho, na ambatanisha wasifu tu. Vyeti watakuomba wakivitaka.

Na usiandike barua ya pili kwa kubadilisha majina kwenye ya kwanza. Kuna sehemu jina la benki litabaki, na mara nyingi ni kwenye aya ya mwisho ambapo macho yako yameshachoka. Fungua ukurasa mpya kwa kila moja, uhifadhi kila barua kwa jina lako na la kazi, na kabla ya kutuma mpe mtu mwingine asome majina na tarehe tu. Nitumie zote mbili ukimaliza, nizipitie kabla ya tarehe ya mwisho ya benki.