Piga picha majani ya chini pia

"Mihogo yangu ina madoa ya njano. Nuru, ile programu ya simu inayotambua magonjwa ya mihogo kwa picha, inasema shina moja lina ugonjwa wa batobato, la pili zima. Niamini lipi?"

Ndugu, la pili usiliamini bado. Batobato hujionyesha kwenye majani machanga, yakajikunja na kupindapinda. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni tofauti: njano yake hufuata mishipa ya majani yaliyokomaa, kule chini. Ukipiga picha za juu tu, shina lenye michirizi litaonekana zima. Piga majani kadhaa ya shina hilohilo, moja moja, na ulikinge jani kwa kivuli chako, maana jua kali hufuta ile njano.

Mchangiaji mmoja kasema Nuru haihitaji bando ukiwa shambani, na yuko sahihi, ila dawa ya kupuliza aliyoishauri haitaponya. Magonjwa yote mawili ni ya virusi.

Kisha chimba muhogo mmoja uukate. Mabaka makavu ya kahawia ndani ni dalili ya michirizi, na pingili za shina hilo usizipande tena. Ukikuta nyama nyeupe, haijathibitisha kitu, kwani mizizi huweza kuchelewa kuonyesha. Hapo muite afisa ugani. Shamba lina miezi mingapi?