Barua kwa mwanangu: kabla ya kuhesabu miezi

"Mama, tunataka kuanza kutafuta mtoto. Nimeambiwa nichanjwe rubela na tetekuwanga kwanza. Nikishachomwa sindano nisubiri muda gani? Mmoja kasema mwezi, mwingine kasema miezi mitatu."

Mwanangu,

Umeanza kuhesabu miezi kabla hatujajua kama sindano yenyewe unaihitaji. Nani kakuambia huna kinga? Umepimwa damu, au mtu kakuuliza maswali mawili akajaza fomu? Unanijua, nimezeekea maabara, na neno langu ni lile lile la siku zote: kumbukumbu ya mtu si cheti.

Kwa rubela nalisema kwa nguvu zaidi. Karibu nusu ya wanaoambukizwa hawaoni chochote. Wanaoona wanapata upele mwepesi unaoanzia usoni na kuisha kwa siku tatu hivi, homa kidogo, na tezi zinazovimba nyuma ya masikio. Upele kama huo huletwa na virusi vingine chungu nzima, na hata na mzio wa dawa. Kwa hiyo anayesema "niliugua rubela utotoni" anasema tu kwamba aliwahi kutoka vipele.

Ndivyo alivyosema bibi yako kuhusu mama yako mdogo. Aliapa kabisa: "Huyu aliugua, nilimwogesha kwa mikono yangu." Nilisema apimwe, nikachekwa, kwamba mwanafunzi wa maabara anataka kumpima kila mtu. Kliniki nako hawakubishana na bibi. Kadi ile niliishika mwenyewe baadaye. Palikuwa na mstari umeandikwa "Aliwahi kuugua rubela", na mbele yake neno moja kwa wino wa bluu: "Ndiyo." Hakuna tarehe wala kipimo. Mpaka leo nikiuona wino wa bluu kwenye kadi ya mtu najikuta nageuza ukurasa kutafuta namba.

Mimba ilikuwa na wiki nane upele ulipomtoka. Alikuwa akifundisha watoto wadogo, na darasani wawili watatu walikuwa na vipele. Viungo vya vidole vilimuuma, akadhani ni uchovu wa mimba. Siku ya nne ngozi ilikuwa safi na hakuna aliyelizungumza tena. Yaliyofuata unayajua, umekua nayo. Lakini hukuwepo nilipombeba kaka yako akiwa na wiki chache, nikamgeuzia dirishani, nikaona mboni ya jicho la kushoto ni nyeupe kama tone la maziwa. Daktari wa macho ndiye wa kwanza kuuliza: "Mama, ulipata upele mimba ikiwa changa?" Alijua cha kuuliza kwa sababu daktari mwenzake wa macho, Norman Gregg wa Australia, ndiye aliyegundua mwaka 1941 kwamba watoto waliokuwa wakiletwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama waliougua rubela mwanzoni mwa ujauzito. Jicho lilifanyiwa upasuaji. Masikio hayakuwa na upasuaji wa kuyasaidia. Sasa anatutania sote kwa mikono kuliko sisi tunavyoweza kwa midomo, na simhurumii hata kidogo, maana naye hataki. Ila ule mstari wa bluu sijausamehe.

Nakuambia wiki nane kwa makusudi. Rubela ikimpata mama ndani ya wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika unaweza kufika asilimia 90. Baada ya wiki ya 20 madhara ni nadra. Hizo za kwanza ndizo wiki ambazo wengi hata hawajajijua, na mwanamke akishashika mimba chanjo hii haitolewi. Ndiyo maana kipimo hufanywa kabla.

Kipimo chenyewe ni damu kidogo ya mkononi. Omba IgG ya rubela. Hiyo ndiyo kingamwili inayobaki mwilini baada ya ugonjwa au chanjo. Maabara nyingi huhesabu kuanzia 10 IU/ml kuwa kinga ipo, lakini soma kiwango kilichoandikwa pembeni ya jibu lako, kwa kuwa mashine hutofautiana. Wakikuuzia IgM kwenye kifurushi, ikatae. IgM hutafutwa kwa mtu mwenye dalili au aliyekaa na mgonjwa. Kwa mtu mzima asiye na dalili hutoa majibu chanya ya uongo mara nyingi, na nimeona wanawake wakilia kwenye benchi la maabara kwa ajili ya jibu ambalo halikupaswa kuombwa. Jibu la IgG likiwa hasi, au likiwa mpakani, unachanjwa. Likiwa chanya, rubela imekwisha, swali lako la miezi limekufa.

Ungeniuliza haya baada tu ya ile operesheni yako, ningekuambia usipime wala usichanjwe kwanza. Damu uliyoongezewa ilikuja na kingamwili za mtu mwingine. Kwa miezi kadhaa kipimo kingeweza kuzisoma kana kwamba ni zako, na zingeweza kuizima chanjo kabla haijashika. Kwa damu ya kawaida husubiriwa karibu miezi sita. Wewe umeshapita huko, lakini mtajie daktari hata hivyo.

Tetekuwanga sasa, na hapa msimamo wangu unayumba kidogo. Ugonjwa huu una sura. Malengelenge yenye maji, ya rika tofauti kwa wakati mmoja, mengine yanachipua mengine yamekauka, na muwasho usiomwacha mtu alale. Mtu mzima anayesema kwa uhakika kwamba aliugua, kwa kawaida ni kweli, na madaktari wengi hukubali maneno yake bila kipimo. Kwa hiyo kumbukumbu inaweza kuwa cheti? Basi, kwa tetekuwanga, ndiyo, kama ni kumbukumbu ya kweli. Yako si ya kweli. Unachokumbuka ni kaka yako mkubwa amepakwa losheni ya kalamini mwili mzima akikimbia uani kama mzimu, na unaikumbuka kwa sababu tulisimulia mno. Wiki zile wewe ulikuwa kwa bibi yako. Pima IgG ya tetekuwanga pia. Mjamzito akiipata anaweza kushikwa na nimonia mbaya. Mama akitokwa na malengelenge kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, mtoto huzaliwa bila kingamwili za mama za kumlinda, na hapo ndipo hali huwa ya hatari.

Haya, tuseme yote mawili yamekuja hasi. Chanjo zote mbili zina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ya rubela huwa imechanganywa na ya surua, mara nyingi na ya matubwitubwi pia, na kwa rubela dozi moja inatosha. Ya tetekuwanga kwa mtu mzima ni dozi mbili, zikipishana angalau wiki nne. Watu hupotea hapa kwa sababu wiki nne zinatajwa mara mbili kwa mambo mawili. Kuna wiki nne kati ya chanjo hai moja na nyingine, kama hazikutolewa siku moja, kwa kuwa mwili ukiwa bado unapambana na ya kwanza unaweza kuipokea ya pili vibaya. Halafu kuna wiki nne kati ya sindano ya mwisho na kushika mimba.

Chukua kalenda. Ukichomwa zote mbili tarehe 2 Machi, moja kila mkono, dozi ya pili ya tetekuwanga ni tarehe 30 Machi, na kuanzia tarehe 27 Aprili mnaweza kuanza kutafuta. Wakikuambia uanze na rubela peke yake tarehe 2 Machi, tetekuwanga ya kwanza itaangukia 30 Machi, ya pili 27 Aprili, na mtaanza tarehe 25 Mei. Mwezi mzima umepotea kwa sababu tu hamkuomba siku moja. Mpaka tarehe hiyo ifike, mtumie kinga ya mimba kweli, si ya kukisia siku.

Ukishamaliza dozi za tetekuwanga usirudi maabara kupima kama "imeshika". Vipimo vingi vya kawaida haviioni kinga ya chanjo hata ikiwepo, na utapata hasi ya kukusumbua bure. Kwa maneno mengine, hapa karatasi ya maabara inaweza kukudanganya, na kadi ya chanjo ndiyo ya kuaminiwa. Usinicheke.

Kuhusu mwezi na miezi mitatu. Wote wawili hawajakudanganya. Zamani hata kwa rubela ilikuwa miezi mitatu. Marekani walikuwa wamefuatilia tangu 1971 hadi 1989 wanawake 321 waliochanjwa rubela karibu na kushika mimba, miezi mitatu kabla au baada, wakazaa watoto 324, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa ule wa kaka yako. Mwaka 2001 kamati yao ya chanjo ikapunguza muda hadi siku 28. Kwa tetekuwanga pia wanashauri mwezi mmoja baada ya kila dozi, ila karatasi ya mtengenezaji mmoja bado inasema miezi mitatu. Kwa kuwa watoto wale hawakudhurika, mimba ikitangulia kwa bahati mbaya kabla ya siku kutimia, mwambie daktari na mwendelee nayo. Si sababu ya kuitoa.

Sasa unataka niseme lipi. Upande mmoja wa moyo wangu unasema subiri mitatu, kwa kukumbuka yaliyompata kaka yako. Upande wa pili unaniambia hiyo ni hofu yangu, umri wako unasonga, na hakuna mtoto niliyewahi kumsikia aliyedhurika kwa siku ya 29. Nimeandika jibu nikalifuta. Liamueni wewe na mume wako na daktari wenu, na mimi nitakaa kimya kadiri ninavyoweza, jambo ambalo unajua haliwezi kuwa refu.

Naye mumeo apimwe tetekuwanga. Kama hana kinga achanjwe, hata ukiwa tayari mjamzito hakuna zuio, kwani atakayeileta nyumbani huenda akawa yeye.

Majibu yakitoka usinisomee kwenye simu. Nitumie picha ya karatasi nzima, ionekane namba, kipimo chake na kile kiwango cha pembeni.

Mama