Jina kwanza, beti baadaye

"Nikishapata jina la wimbo, beti zote lazima zilitaje?"

Hapana, liache kwenye kiitikio. Beti zibebe vitu vya picha iliyo kwenye jina hilo. Wimbo wangu nimeuita "Taa ya Dirishani". Ubeti wa kwanza mama anajaza mafuta, wa pili utambi unafuka moshi maana anayengojewa kachelewa, wa tatu dirisha ni giza, na msikilizaji anaelewa bila kuambiwa. Wanaosema kila ubeti uje na picha yake wamepatia nusu: hali ibadilike, picha ibaki. Mwanzoni ubeti wa pili niliutia bahari na mashua, kiitikio kikasikika kama cha wimbo mwingine. Kwenye daraja la wimbo, kile kipande tofauti kabla ya kiitikio cha mwisho, wengine huiacha picha kabisa, mimi bado najaribu.