Ni karanga au karoti?

"Mama kanitumia picha ya orodha, ina ukungu. Niko soko la Majengo. Mstari wa tatu ni karanga au karoti?"

Nasoma "kar" tu, kwingine wino umevuja. Mdau wa juu kasema karanga kwa kuwa kwenye orodha kuna mlenda; inawezekana, ila hapo anasoma chungu, hasomi karatasi. Tazama "vitunguu": g ya mama ina mkia mrefu. Hapa mkia hauonekani, ila ndipo picha ilipofifia zaidi. Usijaze kimya kimya, mrudishie mama hivi: "mlenda, vitunguu, kar… (karanga au karoti?), kilo 1 au 7?" Hiyo namba inanitia shaka kuliko neno.