Roho haifufuki, na si kila dini ina roho ya kuhamisha

"Shikamoo mwalimu. Daftari la mwanangu wa sekondari limeandikwa: 'Wahindu, Wabudha na Wayoruba huamini kuwa roho ya marehemu hufufuka katika mwili mwingine.' Ni hufufuka au huhamia?" – Mama wa Majengo, Moshi

Marahaba, mama. Si hufufuka. Anayefufuka ni yuleyule aliyekufa, na jina lake na mwili wake. Kinachonikera mimi ni hiyo "roho", ambayo hata hukuiulizia. Tumeipata kwa Waarabu na tukaizoea mno; sasa inatiwa kama chumvi kwenye kila sufuria.

Kwa Wahindu sina ugomvi. Bhagavad Gita, sura ya 2, inasema mwenye mwili huvua miili iliyochakaa na kuingia mipya, kama mtu avuavyo nguo kuukuu. Mvaaji habadiliki. Andika "huhamia" ulale usingizi.

Lakini Wabudha! Hao wanafundishwa kwamba nafsi ya kudumu haipo kabisa, halafu mwalimu wa mwanao anawapachika roho na kuwahamishia. Mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi ya India karne ya 2 kabla ya Kristo, inasimuliwa kuwa alimbana mtawa Nagasena kwa swali hilohilo: kama hakuna kinachohama, mtu si anakwepa madhambi yake? Nagasena akamletea kesi ya mwizi wa maembe. Mwizi anajitetea: "Niliyochuma siyo aliyoyapanda huyu." Utetezi wa kiwakili hasa, pale mahakamani Arusha ungesikilizwa kwa makini. Na ni kweli tupu, kwa kuwa lililopandwa lilishaozea ardhini. Hata hivyo Milinda mwenyewe akakiri kwamba mwizi ana hatia, maana aliyoyaiba yametokana na yale yaliyopandwa.

Sasa mwanao akae chini ya mwembe atafute kilichohama. Nyama ya lile embe la kwanza? Ganda? Hapana. Kuna kokwa, mche, mti, ua, kisha embe, kila kimoja kikizaa kinachofuata. Ndivyo Wabudha wanavyomwona anayezaliwa: si yule aliyekufa, wala si mgeni kwake, na matendo ya yule yanamfuata huyu. Kusema "roho imehamia" ni kusema embe lililozikwa limepanda mti kwa miguu yake likajining'iniza tawini.

Kwa hao andika "kuzaliwa tena", bila roho. "Kuzaliwa mara ya pili" waachie walokole, wana vipaza sauti, hutawaweza.

Wayoruba nao humwita mtoto wa kiume Babatunde, yaani baba amerudi, hasa babu akifa muda mfupi kabla hajazaliwa. Lakini babu huyohuyo bado yuko kwa wahenga, na anaheshimiwa hukohuko. Mtu gani anahama huku bado yuko kwake? Andika "amerudi", kama wanavyosema wenyewe, na kalamu nyekundu ya mwalimu ikipita hapo, nionyeshe mimi.