Jina la krispi kwenye chupa ya juisi

> "Krispi zetu zinajulikana sana. Tukitoa juisi kwa jina lilelile, kuna hatari gani?"

Hatari kubwa ni kile ambacho jina hilo tayari linamletea mteja akilini: chumvi, mafuta, vidole vyenye unga wa viungo. Hayo yanauza krispi, lakini yanaharibu juisi kabla haijaonjwa. Onjesheni makundi mawili juisi ileile, moja lione jina lenu, jingine lipewe chupa isiyo na jina. Jina likishusha alama, tafuteni jingine.

Mauzo ya mwanzo yasiwadanganye, maana jina maarufu huuza chupa ya kwanza tu. Angalieni wanaorudi kununua. Mkiamua kutoa ladha mpya ya krispi badala ya juisi, hatari ni tofauti: ikiuza katoni 100, na 70 zikawa za wateja walioacha ladha ya zamani, mmeongeza 30 tu.